Sabuni ya shuka nyeupe: ipi ununue kwanza?

Kwenye matangazo, chupa ya sabuni ya maji husimama kando ya shuka nyeupe pee zilizoanikwa juani. Lakini kwa nguo nyeupe za pamba, chupa hiyo mimi naiweka nafasi ya pili.

Ya kwanza ni sabuni ya unga yenye oksijeni. Geuza pakiti utafute sodiamu pakaboneti kwenye viambato. Ikikutana na maji ya moto hutoa peroksaidi ya hidrojeni, na hiyo ndiyo inayoondoa rangi ya doa. Kiambato hiki hakikai ndani ya maji bila kuharibika, ndiyo maana kwa kawaida hukikuti kwenye sabuni ya chupa. Unga huu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 40 hadi 60. Kwenye maji ya baridi huzubaa.

Sabuni ya maji hutegemea vimeng'enya, vinavyomeng'enya jasho na mafuta, pamoja na ving'arishi. Ving'arishi haviondoi uchafu. Hushika kwenye uzi, hupokea mionzi ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa buluu, kwa hiyo umanjano unafichika. Ukitaka kujua shuka yako ni safi au imepakwa mng'ao tu, itazame juani, kisha ndani chini ya taa ya kawaida. Ikiwa umanjano unajitokeza ndani, doa bado lipo.

Foronya zangu zilinifunza hivyo. Nilizifua miezi kadhaa kwa sabuni ya maji, nje ziling'aa, ila kitandani pale kichwa kinapolala palikuwa na duara la rangi ya chai. Niliyeyusha vijiko viwili vikubwa vya unga wa oksijeni katika lita 5 za maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, nikaziloweka saa sita, nikafua na kusuuza mara tatu. Duara lilififia sana. Loweko la pili likalimaliza. Usiloweke sufu wala hariri hivi, zitaharibika.

Sabuni ya kipande ni ya tatu. Kwa kusugua kola haina mpinzani, ila kwenye maji magumu huacha utando unaoifanya nguo nyeupe iwe ya kijivu.

Ya mwisho ni blichi ya klorini. Inang'arisha haraka, lakini ikitumiwa kila mara hudhoofisha pamba, na spandeksi huigeuza njano. Kamwe usiichanganye na siki wala amonia, maana hutoa gesi ya sumu.

Yoyote utakayochagua, usizidishe kipimo. Kabla ya kuanika, tikisa kona ya shuka kwenye beseni la maji safi: povu likitokea, au maji yakiteleza vidoleni, suuza tena, kwani mabaki ya sabuni huikakamaza nguo ikikauka.