Kukataa kuwa mdhamini, au kuthibitisha tarehe za kazi tu?

Mliyefanya naye kazi anataka kukuandika mdhamini kwenye maombi ya kazi ya uhasibu, nawe unakumbuka jinsi hesabu zake za mwezi zilivyokuwa zikichelewa.

Kukataa kunamfaa ukimjibu siku ileile. Matangazo ya ajira serikalini Tanzania kwa kawaida hudai wadhamini watatu, kwa hiyo anahitaji muda wa kumpata mwingine. Ujumbe mfupi unatosha: "Ndugu yangu, kwa kazi hii sitakufaa kama mdhamini. Mtafute aliyekusimamia kwa karibu." Usisingizie safari, atakuambia atasubiri urudi.

Kuthibitisha tarehe alizoanza na kumaliza kazi na cheo chake peke yake hakuleti uchungu sana, ila tatizo ni simu. Mwajiri akiuliza, "Ungemwajiri tena?", ukinyamaza sekunde tatu umeshajibu. Mwambie mwenzako mapema kwamba hutavuka tarehe na cheo, aamue mwenyewe kama bado anakutaka.

Kama wewe ndiye uliyekuwa bosi wake pekee, kumkataa kabisa kunamwacha bila mtu, hivyo tarehe zinamsaidia zaidi. Kama mlikuwa meza jirani tu, kataa.