Kigugumizi na imla ya simu: kuongeza subira au kuifundisha sauti yako?

Mwenye kigugumizi anataka kuandika kwa sauti: "Nitachelewa, niwekee chakula." Anasema "Ni-ni-nitachelewa", kisha anakwama kimya kwa sekunde mbili. Simu inadhani amemaliza, inafunga maikrofoni, na chakula hakitajwi.

Njia ya kwanza ni kubadili mipangilio bila kugusa modeli yenyewe, yaani programu inayogeuza sauti kuwa maandishi: kurefusha muda wa kimya unaosubiriwa kabla ya kufunga, au kumwachia msemaji abonyeze kitufe akimaliza, kisha kufuta silabi zilizorudiwa. Haihitaji kurekodi chochote. Ila kwa Kiswahili ufutaji huo una mtego: "polepole" ikibaki "pole", maana imekwenda. Mimi ningefuta vipande vya neno lililokatika, kama hiyo "ni-ni" kabla ya "nitachelewa", na kuyaacha maneno kamili.

Njia ya pili ni kuifundisha modeli sauti ya mtu mmoja. Google ilipotangaza Project Relate, programu ya simu kwa watu ambao usemi wao haueleweki kwa urahisi, mwaka 2021, iliwaomba wajaribuji warekodi sentensi 500 za Kiingereza. Ni kazi ndefu, na mdomo unachoka, hivyo heri kuigawa kwa siku.

Je, uchague ipi? Angalia makosa. Maandishi yakikatika katikati au kujirudia, ya kwanza inatosha. Lakini kama baada ya kiharusi "chakula" kila mara huandikwa neno lingine, kusubiri hakusaidii. Matamshi yenyewe ni mageni kwa modeli, na hapo rekodi zinalipa. Matamshi yakibadilika tena, itabidi kurekodi upya.