Mtungi gani wa kuzimia moto ununue kwanza: karakana, bodi ya umeme au jikoni?

Tuseme una karakana ya useremala nyuma ya nyumba, kibanda cha chipsi mbele, na bodi ya umeme ukutani katikati. Mwezi huu hela inatosha mtungi mmoja tu. Muuzaji atakwambia chukua wa unga, unazima kila kitu. Nusu ya maneno yake ni kweli.

Kwa karakana, mtungi wa unga wa kilo 6, ulioandikwa ABC, ndio namba moja, na ndio ningeununua kwanza. Pale pana mbao, thina na vanishi, na unga unaangusha moto wa vyote hivyo haraka. Ila haupoozi kitu. Rundo la pumba za mbao litaonekana limezimika, kumbe ndani bado linafuka. Ukishakata umeme, lifumue ulimwagie maji. Kile kitungi cha kilo 1 cha kwenye gari kiache huko huko kwenye gari: hata huu wa kilo 6 humalizika kwa takriban robo dakika, hicho kidogo kitaisha kabla hujalenga vizuri. Utundike karibu na mlango. Mtungi ukiwa nyuma ya randa, itabidi upite kwenye moto kuufuata.

Kwenye bodi ya umeme, namba moja ni mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, kilo 2. Zima kwanza swichi kubwa kama inafikika, kwa sababu waya ukiendelea kupata umeme utawaka tena gesi ikishatawanyika. Gesi haipitishi umeme na haiachi uchafu. Unga nao utazima, lakini utaingia ndani ya kila swichi, na ukikutana na unyevu unakula chuma na shaba. Moto mdogo wa waya mmoja unaweza kukugharimu bodi nzima. Usiishike ile pembe nyeusi inayotoa gesi, inaganda kiasi cha kuunguza ngozi, na ukimaliza toka nje kama chumba ni kidogo, maana gesi hiyo inafukuza hewa ya kupumua.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawaambiwi: mtungi wa kaboni dioksidi hauna geji. Gesi yake imo ndani kama kimiminika, na presha haishuki sana mpaka kimiminika kiishe, kwa hiyo geji isingekuonyesha kitu. Kinachosema ukweli ni mizani. Wangu niliununua ukiwa na stika mpya ya ukaguzi, nikaupeleka kwa muuza nafaka jirani. Shingoni ulipigwa chapa ya uzito mtupu, kilo 3.4. Ukiwa na kilo 2 za gesi ulipaswa kufika 5.4, mizani ikasoma 4.6. Nilikuwa nimelipia kilo 2 nikapewa 1.2. Niliurudisha siku ile ile. Gesi ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mtungi unarudi kujazwa, basi kwa wa kilo 2 kikomo ni gramu 200. Wa unga ni rahisi zaidi: mshale uwe kwenye kijani, na pini iwe na lakiri yake.

Mtungi wa maji pekee na ule wa povu naviweka mkiani. Kwa mbao vinafaa, lakini hapa umeme na mafuta viko hatua chache tu.

Jikoni ndiko muuzaji anakopotoka. Mafuta ya karai yakipita nyuzi joto 300 na ushei huwaka yenyewe bila kuguswa na moto. Ukipuliza unga, mwali unalala, mafuta yanabaki na joto lile lile, yanawaka tena. Gesi ya kaboni ina kasi, inaweza kuyarusha nje ya karai. Maji usithubutu: yanazama, yanageuka mvuke papo hapo na kutapanya mafuta yanayowaka hadi darini. Kwa anayekaanga kutwa nzima, namba moja ni mtungi wa kemikali ya majimaji, wenye herufi F, au K kwa ya Kimarekani. Dawa yake inageuza uso wa mafuta kuwa kitu kama sabuni, kinafunika na kupooza kwa pamoja. Tatizo ni bei, na si kila duka linao.

Kwa jiko la nyumbani, blanketi la kuzimia moto linatosha kwa sufuria au kikaango. Zima jiko, kunja ncha za blanketi zifunike mikono yako, lilaze kuanzia upande wako kwenda mbele. Karai pana la kibanda linaweza kulizidi, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kama moto unatoka kwenye mpira wa gesi ya kupikia, funga valvu ya mtungi wa gesi hiyo kwanza. Ukiuzima moto huku gesi inavuja, itajaa chumbani ikisubiri cheche. Na blanketi likishakaa juu ya mafuta usilifunue kuchungulia. Liache hadi sufuria ipoe kabisa, hata kama chakula cha usiku kitachelewa.