Miezi minane na kisanduku cha herufi 500: uzoefu wangu wa kuandika "Mambo mapya" kwenye Play Console

Mimi ndiye ninayeandika maneno kwenye apu ndogo ya kuwekea hesabu za vikoba. Watumiaji wetu wengi ni waweka hazina, mama zetu wenye daftari mkononi na simu kwenye mkoba. Kwa miezi minane nimetumia kisanduku cha maelezo ya toleo kilichoko Play Console, tovuti ya Google ambako watengenezaji hutolea apu zao, na huu ndio mtazamo wangu.

Kisanduku chenyewe hakina makuu. Unaandika ndani ya alama za lugha, na kila lugha ina kikomo cha herufi 500, nafasi zikihesabiwa. Kiswahili kipo:

```
<sw>
Faini ya kuchelewa sasa inaanza siku ya 4
baada ya siku ya marejesho. Zamani ilianza siku ya 2.
Faini zilizokwisha kutozwa hazijaguswa.
Kubadilisha: Kikundi > Katiba > Faini
</sw>
```

Hayo hayakuwa maneno yangu ya kwanza. Toleo lile nililitoa na sentensi moja tu: "Maboresho ya mfumo na marekebisho ya hitilafu ndogondogo." Kesho yake simu ikaanza kuita. Mweka hazina mmoja wa Mbagala aliniambia, "Mwanangu, faini za watu sita zimeyeyuka, na wenzangu wananiangalia mimi." Hazikuyeyuka. Tulikuwa tumeongeza siku mbili za uvumilivu kwa sababu vikundi vyenyewe viliomba, ila hakuna aliyeambiwa. Ndipo nikaandika upya. Kanuni niliyojiwekea ni kuanza na kitu anachokiona kwenye skrini yake, kisha kilivyokuwa zamani, kisha kama pesa iliyokwisha kuandikwa imeguswa. Swali hilo la tatu ndilo wanalouliza kwanza wakipiga simu.

Nilidhani nimemaliza. Wapi! Simu za kuuliza faini zilipungua kidogo tu, nikaenda kukaa na kikundi kimoja nione kulikoni. Simu nyingi pale zilikuwa zimewekwa Kiingereza tangu dukani. Google Play huonyesha maelezo kwa kufuata lugha ya mtumiaji, kwa hiyo Kiswahili changu kizuri kilikuwa kinawapita, wanaletewa ya Kiingereza ambayo sikuwa nimeigusa. Halafu, nani anafungua ukurasa wa apu kwenye Google Play, ambako maelezo hayo hukaa? Mwenye kusasisha kwa waifai hupata toleo jipya usiku akiwa amelala. Mwenye bando hubonyeza "Update" akiangalia MB tu.

Kwa hiyo ujumbe ukahamia ndani ya apu, ambako lugha anaichagua mtumiaji mwenyewe siku ya kujiandikisha. Hapo nikakosea tena. Niliuweka utokee apu inapofunguliwa. Sasa mfikirie mweka hazina: pesa iko mezani, watu ishirini wanasubiri majina yao, na simu inamletea barua. Aliubonyeza "Nimeelewa" haraka kama mtu anayefukuza inzi. Kwenye takwimu zetu nilikuwa nafurahia namba ya waliobonyeza, kumbe nahesabu inzi waliofukuzwa.

Tulichofanya baadaye ndicho kilichosaidia. Ujumbe tuliuondoa mlangoni, tukauweka kwenye ukurasa wa faini, juu ya jedwali, mistari miwili bila kuziba kitu. Unabaki pale mpaka mtu auondoe, au mpaka marejesho mawili yapite. Anayeshangaa kuona sifuri pale alipozoea kuona faini anakuta jibu palepale. Mwezi huo, swali la faini nililipata mara mbili tu.

Kitu kingine cha kujua: usitegemee dirisha la kusasisha ambalo Google Play hulifungua ndani ya apu. Lipo la aina mbili, linaloziba skrini nzima na linalopakua chinichini huku mtu akiendelea na kazi. Linafanya kazi yake, ila maneno yake si yako. La kuziba skrini tulilitumia mara moja, toleo la zamani lilipokuwa linakosea jumla ya hisa. Kabla ya kulifungua tuliweka ukurasa wetu mfupi: "Jumla ya hisa inakosea kwenye toleo hili. Sasisha kabla ya kugawana." Hapo hakuna aliyelalamikia bando.

Kabla ya kutoa toleo, sasa namsomea ujumbe shangazi yangu, ambaye ni mwanakikoba, kisha namwuliza, "Kimebadilika nini?" Akijibu "mmeboresha," nafuta.

Kisanduku nakipa nyota 3 kati ya 5. Kikomo cha herufi 500 kinanifaa, kinanizuia porojo. Nyota mbili nimezikata kwa sababu hakiwafikii watu ninaowaandikia. Bado nakijaza kila toleo, na sehemu ya Kiingereza naiandika kwa uangalifu uleule, maana vijana wanaowasimamia mama zao simu huko ndiko wanakosoma.