Ruta ya kununua ili muziki usikatekate: tumezipanga kuanzia inayofaa hadi ya kuacha dukani

Wimbo mmoja wa ubora wa juu kwenye huduma nyingi za muziki hutumia kama kilobiti 320 kwa sekunde. Spika tatu zikipiga kwa pamoja hazifikishi hata megabiti moja. Kwa hiyo mtu mwenye faiba ya megabiti 20 ambaye muziki wake unakatika kila jioni hasaidiwi na kifurushi cha megabiti 40. Mara nyingi tatizo liko hapo hapo ndani, kati ya ruta na spika.

Kwenye chaneli moja ya waifai kifaa kimoja tu huzungumza kwa wakati mmoja, vingine vinasubiri zamu. Kifaa kilicho mbali huzungumza polepole, kwa hiyo hukalia zamu muda mrefu kuliko kilicho karibu, hata kama kinatuma kitu kidogo. Ruta ya jirani iliyo kwenye chaneli hiyo hiyo nayo imo kwenye foleni. Spika haihitaji mengi, lakini inahitaji kidogo chake kifike bila kukawia. Akiba yake ya sekunde chache ikiisha kabla zamu haijafika, muziki unanyamaza.

Hapo ndipo bendi mbili zinapoingia. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na inagombaniwa na bluetuthi, mikrowevu na majirani wote. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi kubwa na kasi, lakini kuta mbili za matofali ya saruji huidhoofisha sana, na sakafu ya zege yenye nondo huweza kuimaliza kabisa. Jambo moja linalowapoteza wanunuzi wengi: jina la mtandao linaloishia na `_5G` linamaanisha gigahezi 5, halihusiani na 5G ya laini ya simu. Ruta ya laini ya 5G hurusha waifai ya bendi hizi hizi.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Weka laptopu pale pale spika ilipo, saa ile muziki unapokatika, kisha andika amri hizi, ya kwanza ikiwa na anwani ya ruta yako:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaishia kwenye ruta, ya pili inatoka hadi kwenye intaneti. Ikibaki chini ya milisekunde 20 huku ya pili ikirukaruka, waifai yako ni nzima na wa kuulizwa ni mtoa huduma, au kuna simu inayopandisha picha na kuziba njia ya kutokea. Ikiwa ya kwanza yenyewe inaruka hadi 300 au inakosa majibu, basi endelea kusoma.

Nafasi ya kwanza: ruta moja ya bendi mbili, katikati ya nyumba. Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu hii inatosha. Kwenye boksi tafuta AC1200 au AX1500. Namba hiyo ni jumla ya kasi za bendi zote mbili kwenye karatasi, kwa hiyo usitarajie kuiona. Tungeongeza pesa kidogo kwa ajili ya AX ikiwa simu za nyumbani ni mpya, kwa sababu aina hiyo hugawa zamu vizuri zaidi vifaa vinapokuwa vingi. Spika ya zamani yenyewe haitapata faida hiyo moja kwa moja.

Mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko modeli. Fundi wa faiba huiacha pale kebo inapoingilia, kwa kawaida kona ya sebule, nusu ya mawimbi yakaenda uani. Mwombe aivute hadi kwenye korido, au nunua kebo ya Cat 5e uivute mwenyewe; inafanya kazi hadi mita 100. Iweke juu, mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji, na isiwe nyuma ya runinga. Antena zisimame wima: mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si kwenye ncha yake, kwa hiyo ukiielekeza ncha kwenye spika unaipa upande dhaifu.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye vifaa 15, vyote kwenye gigahezi 2.4, na spika ya jikoni inayokatika saa mbili usiku runinga ikiwashwa. Runinga ipewe kebo. Hiyo peke yake huondoa mzigo mkubwa kuliko wote hewani. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima `Smart Connect`, na uzipe bendi mbili majina tofauti. Simu na laptopu za sebuleni ziende gigahezi 5. Spika ya sebuleni nayo, ikiwa inaweza. Ya jikoni, iliyo nyuma ya kuta mbili, ibaki gigahezi 2.4 ambayo sasa imepumua, kwenye chaneli isiyo na majirani wengi kati ya zile tatu, upana ukiwa 20 MHz. Rudia kipimo. Kikishatulia, umemaliza. Simu ikishindwa kuiona spika baada ya hapo, angalia kama `AP Isolation`, inayozuia vifaa kuonana, imewashwa au kama moja iko kwenye mtandao wa wageni.

Ili kujua kama spika inaweza gigahezi 5, soma boksi lake. Ikiwa imeandikwa 802.11 b/g/n pekee, karibu kila mara ni ya 2.4 tu. Ukiona `a` au `ac` kwenye orodha, inazo zote mbili.

Nafasi ya pili: ruta mbili zilizounganishwa kwa kebo. Hili ndilo jibu la nyumba ya ghorofa, na la anayetumia ruta ya laini ya simu. Ruta hiyo inataka dirisha lenye mnara, spika zinataka katikati ya nyumba, na kifaa kimoja hakiwezi kukaa kote. Iache dirishani, vuta kebo hadi katikati, ya pili uiweke kwenye hali ya `Access Point`, yaani irushe waifai tu.

Nafasi ya tatu: seti ya meshi bila kebo. Inafaa pale ambapo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Lakini vituo vyake huzungumza wenyewe kwa wenyewe hewani, na katika seti za bei ya chini hutumia bendi ile ile inayohudumia simu zako. Wengi hukosea kwa kuweka kituo cha pili kule ambako waifai imekufa. Kiweke nusu ya njia, mahali ambapo ishara bado ni nzuri. Ukipima kwa programu ya simu, isipungue -67 dBm.

Nafasi ya nne: kidude cha kuchomeka ukutani cha kurefusha waifai ya gigahezi 2.4. Kila pakiti hupokelewa kisha hurushwa tena kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo foleni inakuwa ndefu maradufu. Kitakuonyesha pau zimejaa kwenye simu, na muziki utazidi kukatika.

Ruta ya bendi moja iliyoandikwa N300 hatukuipa nafasi. Kwa nyumba yenye vifaa zaidi ya vitano usiinunue, hata ikiwa nusu bei.