CV ya bure na kufuatilia maombi ya kazi: nilivyojaribu vyote nikarudi Google Docs

Nianze na hasira kwanza. Mwaka jana nilikaa jioni nzima kwenye mtandao mmoja wa kutengenezea CV, wameandika BURE kwa herufi kubwa, nikajaza kila kitu, nikachagua rangi, nikaweka na picha, nafika kwenye kupakua PDF naambiwa weka kadi ya benki kwanza kwa ajili ya majaribio ya wiki mbili. Sikuweka. Nikapiga skrinshoti, nikazigeuza PDF kwa simu nikatuma hivyohivyo. Msinicheke, nlikuwa nimechoka.

Maombi kumi na tisa, kimya. Mpaka shosti yangu mmoja anayefanya kazi ya rasilimali watu nikamtumia aniangalizie, akaifungua kwenye kompyuta, akatafuta jina langu ndani ya faili, kompyuta ikamjibu hakuna. Akanambia "Shoga, hii sio CV, hii ni picha." Ofisini kwao CV zikijaa wanaanza kwa kutafuta neno, kama ni nafasi ya mhasibu wanaandika CPA au QuickBooks, faili lisilotoa hilo neno linabaki chini. Mimi QuickBooks nimeitumia miaka mitatu, ila kwenye faili langu lile neno lilikuwa rangi tu, sio maandishi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahusu templeti nzuri wala fonti ya kisasa, hayo mtapata kwingine. Mi napima kitu kimoja: maandishi yakitolewa kwenye PDF yanatoka yakiwa mazima na kwa mpangilio wake?

Kipimo chenyewe dakika moja. Fungua PDF yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, nenda Notepad ubonyeze Ctrl+V. Halafu usome kama hujawahi kuiona. Kama hakuna kilichotoka, ni picha. Kama kimetoka ila kimechanganyikana, mara nyingi una safu mbili au vile vibox vya maandishi. Nilimfanyia mdogo wangu, CV yake ina safu ya kushoto ya lugha na ujuzi, ya kulia kazi alizofanya, kwa macho inapendeza kabisa, lakini Notepad ikatoa "Mhasibu Msaidizi Kiswahili 2019 hadi Excel 2022 Kiingereza". Sasa hapo nani ataelewa kafanya kazi lini? Kitu kingine ni zile heading za kutanua herufi kwa spesi, E L I M U, kwa kompyuta hizo ni herufi tano zisizojuana. Na kuna fonti zinazounganisha f na i, ukikopi "fika" inatoka "ka". Ukiona hivyo badilisha fonti, usihangaike.

Haya, namba moja kwangu ni Google Docs na sioni aibu kuipendelea. Andika docs.new kwenye Chrome, karatasi tupu inafunguka, unaanza. Nimesema tupu, kwa sababu zile templeti zao za CV baadhi zimejengwa kwa jedwali la safu mbili na tunarudi kulekule. Jina juu, chini yake simu, imeili na mji unapoishi, na uviandike kwenye ukurasa wenyewe, sio kwenye ile sehemu ya header, maana baadhi ya mifumo ya kupokea maombi haisomi header na unakuwa mtu asiye na simu. Halafu kazi, ya karibuni ikitangulia, kisha elimu, ujuzi, wadhamini. Matangazo ya serikali kwetu Tanzania huwa yanataka wadhamini watatu, kwa hiyo waandike kabisa na simu zao, ile ya "watapatikana wakihitajika" waachie wengine. Ukimaliza kwenye kompyuta ni File, Download, PDF Document. Kwenye simu bonyeza vidoti vitatu, Share & export, Save as, uchague PDF. Haikudai kadi, haiweki alama yake chini, na simu ikiibiwa Kariakoo CV ipo palepale kwenye akaunti yako.

Namba mbili LibreOffice Writer. Bure kabisa na haihitaji intaneti ukishaiweka, PDF yake inatoa maandishi safi. Tatizo inataka kompyuta, na kuipakua inakula bando la maana.

Tatu Europass, ya Umoja wa Ulaya. Unajaza fomu yenyewe inapanga. Kama unaomba masomo au kazi za Ulaya iko vizuri, wengine kule wanaitaka hiyohiyo. Kwa kazi za hapa naona inarefuka bila sababu, mtu wa miaka miwili kazini anatoka na kurasa nne.

Canva ya nne, na najua mtanirukia. Ni nzuri kwa poster ya biashara. Kwa CV kila kipande ni kibox kinachojitegemea, mpangilio wa maandishi unategemea bahati, na wakati wa kupakua kuna kale kachaguo ka Flatten PDF, ukikaweka tiki umegeuza CV kuwa picha kwa mkono wako mwenyewe. Ukiipenda sana tumia safu moja na ufanye kipimo cha Notepad.

Sasa kufuatilia maombi. Zipo programu za kazi hiyo, Trello nayo ni bure na unasogeza kadi kutoka "nimetuma" kwenda "usaili", ila mi nimebaki na Google Sheets, sheets.new. Safu zangu: A kampuni, B nafasi, C tarehe niliyotuma, D hali, E jina la faili nililotuma, F maneno ya tangazo lenyewe. Hiyo F msiipuuze, tangazo likipita dedlaini huwa linaondolewa, wanakupigia baada ya wiki sita unauliza "samahani, nafasi gani?" na hapo umeshajimaliza. Safu ya G naweka hii, inanikumbusha wenyewe walionyamaza zaidi ya siku 14:

```
=IF(AND(D2="Imetumwa",TODAY()-C2>14),"Fuatilia","")
```

Neno kwenye D liwe hilohilo, Imetumwa, ukiandika "nimetuma" fomula inakaa kimya. Na C iwe tarehe kweli, ukiona imekaa kushoto kwenye kisanduku ujue Sheets imeichukua kama maneno, iandike upya.

Walio na hela kidogo wanaenda steshenari wachapiwe. Sawa, lakini mngejua. Juzi nimeenda kuprinti, folda ya "CV" iko wazi kwenye desktop, majina ya watu, simu, wengine mpaka namba ya NIDA ambayo hata haitakiwi kwenye CV, na wananichaji kwa kila ukurasa pamoja na ule uliotoka na mstari mmoja tu. Kijana namuuliza haya mafaili ya nani, ananijibu "ya wateja dada, wakirudi kurekebisha wayakute." Kurekebisha nako ni hela. Mkienda pale, imeili yako uitoke, faili ufute mwenyewe kabla hujainuka, na Recycle Bin uimwage.