Nyama choma iliyoungua au samaki wa moshi?

Kwenye nyama choma, mafuta yakidondokea makaa hurudi juu na moshi wenye benzopireni, kemikali inayosababisha saratani, na moto mkali huzalisha kemikali nyingine hatari ndani ya nyama yenyewe. Kupunguza hatari hiyo hakugharimu kitu: sogeza makaa pembeni, geuza kila mara, kata palipoungua.

Samaki mweusi tii hunywa moshi saa nyingi. Kumwosha hakutoshi, mmenye ngozi, maana benzopireni nyingi hukaa hapo. Mkaushaji naye anahitaji tanuri linalotenga moto na samaki, kama la FAO-Thiaroye lililobuniwa Senegali, ghali kuliko pipa la kukaushia.

Mla choma wa Jumamosi achunge makaa. Anayekula samaki kila siku achague wa rangi ya dhahabu, ila huyo huwahi kuoza.